Rangi Iliyopungua na Rangi Iliyoisha

Mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimekaza, asubuhi za Fungurume ni za baridi na upepo mkavu, na vumbi la malori yanayotoka Kolwezi kuelekea Likasi hutua juu ya kila kitu, nyuso za watoto zikiwemo. Ndio msimu ninaoletewa watoto wengi wenye mabaka meupe. Asubuhi moja ya msimu huo walikaa watoto wawili kwenye benchi moja: mvulana wa miaka 6 aliyeletwa na mama yake, na msichana wa miaka 9 aliyeletwa na shangazi yake. Wote wawili walikuwa na mabaka usoni, na wote wawili walikuwa wamekwisha kupewa jina la ugonjwa shuleni.

“Dokta,” mama wa mvulana aliniambia kwa sauti ya chini, “ku masomo banasema mutoto yangu iko na ukoma.”

Kabla ya kujibu nilimpa kalamu ya wino na kumwomba azungushe mstari kwenye ukingo wa baka kubwa la shavuni mwa mwanawe. Baka lilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Aliweka ncha ya kalamu, akaiondoa, akaiweka tena mbele kidogo, akaiondoa. Mara ya tatu akanigeukia: “Sione penye linaishia.” Kisha nikampa kalamu shangazi wa msichana. Yeye alizungusha baka lililokuwa juu ya goti la mtoto kwa mkono mmoja bila kusita, kama mtu anayefuata ramani, maana ukingo ulikuwa wazi hata kwa macho ya mtu aliyekaa mbali.

Hapo ndipo tofauti ya magonjwa haya mawili ilipo. La mvulana tunaliita pitiriasisi alba, na la msichana ni vitiligo, ambalo Waswahili wa zamani waliliita mbalanga. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanositi, zilizokaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Kila moja huzihudumia seli za kawaida zipatazo 30 au 40 zilizoizunguka, ikizigawia vifuko vidogo vya melanini. Katika pitiriasisi alba seli hizo bado zipo, ila ngozi iliyo juu yake imekauka na kuvimba kidogo, vifuko vinakuwa vichache na vidogo, na mgawo unasuasua. Rangi inapungua, na inapungua kwa viwango: kidogo hapa, zaidi pale, ndiyo maana ukingo unafifia bila mpaka. Katika vitiligo askari wa mwili wenyewe, chembe nyeupe za damu, huzishambulia melanositi na kuziua. Palipobaki bila seli hakuna rangi hata chembe, na mpaka wa baka ni mpaka wa mahali mauaji yalipofikia.

Kwa hiyo weupe wenyewe hautofautiani kwa ukali tu. Mashavu ya mvulana yalikuwa na weupe wa chai iliyozidishiwa maziwa. Goti la msichana lilikuwa jeupe kama chokaa. Nilipopitisha ukingo wa ukucha taratibu juu ya shavu la mvulana, paliinuka unga mwembamba sana kama ule unaobaki mkononi baada ya kupika bukari. Goti la msichana lilikuwa laini kabisa, bila unga wala mkwaruzo, kwa sababu vitiligo haigusi kitu kingine cha ngozi isipokuwa rangi. Mahali napo panasema. Pitiriasisi alba hupenda mashavu, kuzunguka mdomo, na sehemu ya juu ya mikono, na wengi wanaoipata hawajafika miaka 12. Vitiligo hupenda kuzunguka macho na midomo, vidole, sehemu za siri, na mahali panapogongwa na kusuguliwa kila siku, kama magoti na viwiko. Msichana yule alikuwa nayo magoti yote mawili, vifundo vya vidole, na pembe ya jicho la kushoto, ambako kope nne zilikuwa zimegeuka nyeupe. Unywele mweupe ndani ya baka ni dalili nzito. Pitiriasisi alba haifanyi hivyo.

Chombo kinachosaidia pale macho yanapositasita ni taa ya Wood, iliyopewa jina la mwanafizikia Mmarekani Robert Wood. Ni ndugu wa zile taa ndogo za zambarau ambazo wabadilishaji pesa humulikia noti za dola ili kuona kama uzi wa ndani unang’aa. Taa nzuri ya hospitali hutoa mwanga wa nanomita 365 hivi. Nyingi za bei ndogo zinatoa 395, na huo una zambarau nyingi inayofunika kinachotafutwa. Melanini hunyonya mwanga huo. Palipo na melanini, hata kidogo, baka linabaki limefifia na ukingo wake hauongezeki ukali. Pasipo na melanini kabisa, mwanga unapenya hadi nyuzi za ndani ya ngozi, nazo zinaurudisha ukiwa weupe wa buluu unaowaka. Nilifunga pazia, nikasubiri macho yangu yazoee giza. Goti la msichana liliwaka kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Mashavu ya mvulana karibu hayakubadilika.

Taa hii hudanganya kwa urahisi, na nimeona watu wakidanganyika. Vaselini yenyewe inang’aa rangi ya buluu chini yake, na akina mama wetu huwapaka watoto vaselini kwa wingi kabla ya kuja kwa daktari, kwa heshima. Uso usipofutwa kwanza kwa kitambaa chenye maji, mtoto mwenye mashavu makavu tu anaweza kutoka chumbani na jina la vitiligo. Pia kuna vitiligo changa ambayo bado haijamaliza kuua seli, na kwa wiki kadhaa inaonekana hafifu kama pitiriasisi alba. Nikiwa na shaka napiga picha karibu na dirisha, asubuhi, na kifungo cha shati kando ya baka kwa ajili ya kipimo, kisha narudia baada ya wiki 8. Baka ambalo ukingo wake umekaza na weupe wake umekomaa limejitambulisha lenyewe.

Ukoma sikuupuuza, kwa sababu Kongo bado ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wapya kila mwaka. Baka la ukoma kwa kawaida limefifia, si jeupe kabisa, kwa hiyo linafanana na la mvulana kuliko la msichana. Nilisokota pamba mpaka ikawa na ncha, nikamwambia mvulana afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila ninapomgusa. Alionyesha kila mguso, akicheka. Ila usoni kipimo hiki hakitoshi, maana uso una neva nyingi na baka la ukoma linaweza kubaki na hisia. Baka moja lisilo na unga, lisilotoa jasho, linalodumu au kupanuka, lipelekwe likachunguzwe. Dawa za ukoma ni za bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na ukianza mapema mkono haulemai.

Mama aliniuliza jambo lingine ambalo wazazi wote wa hapa huniuliza: je, ni vumbi la mgodi? Nimelifikiria sana, kwa sababu si swali la kijinga. Kemikali zinazoua seli za rangi zipo kweli. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliwakuta wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi wakiwa na mikono myeupe, na chanzo kikawa kemikali iliyotiwa kwenye glavu zao za mpira. Lakini ile ni ya ukoo wa fenoli, na shaba na kobalti hazimo katika ukoo huo. Kobalti inaweza kuleta mzio wa ngozi unaowasha. Vumbi na hewa kavu huzidisha ukavu kwa mtoto ambaye ngozi yake ni kavu kwa asili, hasa penye pumu au ukurutu katika ukoo. Na jamaa wa karibu wa ile kemikali ya 1939, haidrokwinoni, anauzwa katika makopo ya mafuta ya kuchubua. Huko ndiko ningependa wazazi waangalie kwanza.

Nasema hivi kwa uchungu. Kabla ya kuja kwangu, mvulana yule alikuwa amepakwa kwa wiki 3 krimu ya klobetasoli iliyonunuliwa bila cheti. Unga uliondoka ndani ya siku chache na mama akaamini imefaa. Baadaye mashavu yakawa meupe zaidi, kwa sababu steroidi kali yenyewe huzuia rangi na kuikondesha ngozi ya uso. Alikuwa amepewa na dawa za minyoo mara mbili. Mtoto mwenye minyoo atibiwe minyoo, lakini mabaka haya hayatoki tumboni.

Tiba ya mvulana ilikuwa ndogo kiasi cha kumkatisha mama tamaa. Aache sabuni ya kufulia usoni na maji ya moto, ampake vaselini asubuhi na jioni ngozi ikiwa bado na unyevu. Krimu kali tuliiacha. Kama mashavu yangekuwa mekundu na ya kuwasha, ningempa haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa wiki moja, mbili kwa wingi. Nilimwonya kwamba unga utaondoka kwanza na rangi itakuja nyuma sana, baada ya miezi, pengine mwaka, maana ngozi lazima ijivue na kujijenga upya mara kadhaa.

Msichana alihitaji safari ndefu zaidi. Nilimwandikia takrolimasi kwa pembe ya jicho, mahali ambapo steroidi ni hatari, na steroidi ya nguvu ya wastani kwa magoti, kwa wiki zilizohesabiwa na za kupumzika. Mwanga wa UVB wa nanomita 311, mara 2 au 3 kwa wiki, ndio tiba inayosaidia wengi mabaka yanapoenea, lakini unahitaji mashine na mtu anayejua kuipima, na kwa familia nyingi hapa hiyo ni gharama ya miezi ya safari. Shangazi alitaka kujua kama anaweza kulala naye kitanda kimoja. Anaweza, na kula naye sahani moja, vitiligo haiambukizi.

Rangi ya vitiligo ikirudi, hutoka kwenye mashina ya nywele, ambako melanositi chache hujificha zisiuawe. Ndiyo maana vidole na midomo, penye nywele chache au pasipo nazo, hukaidi, na uso hupona vizuri kuliko pote.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokolea walirudi wote wawili. Mashavu ya mvulana ilibidi mama anionyeshe yalipokuwa mabaka. Kope nne za msichana zilikuwa bado nyeupe, na vidole vile vile. Lakini goti la kulia, nilipolisogeza kwenye mwanga wa dirisha, lilikuwa na nukta tano za kahawia ndani ya weupe, ndogo kama mbegu za ulezi, na katikati ya kila nukta kulikuwa na unywele mmoja mweusi.