Ratiba ya Marudio Inaanzia kwenye Karatasi ya Matokeo

Mwanafunzi wa kidato cha nne akiamua kutengeneza ratiba ya marudio, kwa kawaida huchukua rula, huchora vyumba, kisha huyagawia masomo yote saa sawa. Ratiba hiyo hupendeza ukutani lakini haimsaidii, maana haijui anakopotezea alama.

Tumchukue mtahiniwa wa kutwa nchini Tanzania mwenye masomo tisa. Katika mtihani wa utamilifu alipata Kiswahili 78, Uraia 68, Historia 67, Jiografia 63, Kiingereza 58, Baiolojia 55, Kemia 41, Fizikia 34 na Hisabati 27. Daraja hukokotolewa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Huyu ana pointi 18, yaani daraja la pili. Daraja la kwanza huishia pointi 17. Amekosa pointi moja tu.

Sasa atazame mipaka. B huanzia alama 65 na C huanzia 45. Jiografia inadai alama mbili tu ili ipande, Kemia inadai nne. Hisabati ndiyo inayomtisha kuliko yote, lakini hata ikitoka F ikafika D, pointi zake hazibadiliki, kwa sababu haimo katika saba bora. Sisemi aitupe, kwani vyuo na tahasusi kadhaa huitazama. Nasema isimeze jioni zote huku Kemia ikimsubiri.

Hatua inayofuata ni kuandika mada badala ya jina la somo. "Kemia" ni neno pana mno. Mtu atafungua daftari pale anapopajua na kujiona amesoma. Apitie karatasi zake zilizosahihishwa na kutafuta maswali yaliyomwangusha. Tuseme ni hesabu za moli kwenye Kemia na usomaji wa ramani kwenye Jiografia. Hizo ndizo zitakazoingia kwenye ratiba, vipindi viwili vya saa moja kila jioni:

| Siku | Kipindi cha kwanza | Kipindi cha pili |
|---|---|---|
| Jumatatu | Kemia: hesabu za moli | Jiografia: ramani |
| Jumanne | Kiingereza: maswali ya fasihi | Baiolojia: jenetiki |
| Jumatano | Hisabati: takwimu | Wazi |
| Alhamisi | Kemia: moli tena | Fizikia: umeme |
| Ijumaa | Jiografia: ramani tena | Historia au Uraia |
| Jumamosi | Mtihani wa nyuma, saa tatu kamili | Kuusahihisha |
| Jumapili | Mapumziko | Mapumziko |

Moli imerudi Alhamisi kwa makusudi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba tunachojifunza hutoweka kwa kasi zaidi mwanzoni, kisha kasi hupungua. Mada iliyosomwa mara moja kwa saa mbili mfululizo huachwa ikichuja. Iliyogawanywa katika siku mbili hushika zaidi. Na hiyo mara ya pili daftari lifungwe. Aanze na swali la mtihani wa nyuma, ajibu kwa kalamu, ndipo afungue kuangalia alipokosea. Mada iwekewe tiki pale tu swali linapojibika bila daftari. Tiki ya kusoma tu hudanganya, kwa kuwa maandishi tuliyoyazoea hutufanya tudhani tunayajua.

Jumapili na Jumatano usiku ziandikwe kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye kupumzika Ijumaa abadilishe siku; la msingi ni kwamba siku hiyo haina deni. Kipindi cha wazi ndicho cha kulipia madeni: umeme ukikatika, mgeni akija, mtoto akiugua nyumbani, kipindi kilichopotea huhamia Jumatano. Kisihamie saa sita usiku, kwa sababu usingizi ndio muda ambao ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana. Yakipotea zaidi ya kimoja, aache lile somo lenye alama nzuri, asiache mada dhaifu. Kiswahili chake hakimo kabisa kwenye wiki hii, na hakuna ubaya. Kinaweza kupewa Jumamosi moja ya mtihani mzima kujihakikishia kwamba hakijashuka.

Ikitokea wiki mbili mfululizo kipindi cha wazi hakitoshi madeni, tatizo ni ratiba yenyewe, imejazwa kupita uwezo wa nyumba anayoishi. Apunguze kipindi kimoja. Na kila Jumamosi jioni, baada ya kusahihisha, aiandike upya: mada iliyopata tiki mara mbili itoke, iingie nyingine iliyomwangusha. Mzazi anayetaka kusaidia asiulize mtoto amesoma saa ngapi. Aombe kuuona mtihani wa Jumamosi uliosahihishwa.