Nywele Zikibadilika, Nyusi Nazo

Chukua dada wa rangi ya maji ya kunde aliyekata nywele fupi, zikapigwa blichi mpaka zikawa rangi ya asali. Kichwa kimependeza, lakini ukimtazama jicho linakimbilia kwenye nyusi, nyeusi tii, zimechorwa kwa wanja uleule wa siku zote. Nywele zilipokuwa nyeusi wanja huo haukuonekana sana. Sasa hauna mwenzake usoni.

Wengi hapo huomba nyusi nazo zipigwe blichi. Mimi siungi mkono. Kwenye ngozi yetu nyusi za asali hufifia, na macho yanabaki kama hayana kitu juu yake. Nyusi zinatakiwa zipungue weusi kidogo tu, zikiwa bado zimekoza kuliko nywele.

Dada huyu aoshe wanja wote, achane nyusi kuelekea juu kwa brashi ya maskara iliyooshwa, kisha achukue penseli ya kahawia iliyokoza. Asali ni rangi yenye joto, kwa hiyo kahawia yake ielekee kwenye chokoleti, si kwenye kijivu. Achore vijistari vifupi pale penye pengo tu, na upande wa karibu na pua auache mwepesi. Juu yake apitishe jeli ya nyusi ya kahawia, maana penseli hupaka ngozi ilhali jeli hupaka unywele wenyewe. Halafu asogee dirishani, apige picha bila flashi. Kama nyusi ndizo zinazoonekana kwanza, bado zimekoza mno.

Kope zake ziachwe nyeusi, kwa sababu ndizo zinazolipa jicho mpaka wake. Maskara ya kahawia iliyokoza kwenye kope za juu inatosha, za chini zisiguswe.

Aliyepaka rangi ya damu ya mzee asitafute nyusi nyekundu. Kahawia yenye wekundu kwa mbali itamtosha.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala: rangi ya nywele iliyobaki kwenye bakuli isipakwe kwenye nyusi wala kope. Nyingi zina kemikali ya PPD, ileile inayopatikana kwenye piko ya maharusi wetu wa pwani. Nchini Marekani, miaka ya 1930, rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya jamii hiyo, iliwajeruhi wanawake macho, wengine wakapofuka, na mkasa huo ulichangia kuzaliwa kwa sheria ya vipodozi ya mwaka 1938. Aliyewahi kuwashwa au kutoka malengelenge kwa piko yuko hatarini zaidi, hata rangi ikipakwa kichwani tu.

Penseli na jeli zina faida nyingine. Baada ya wiki chache mizizi nyeusi itachomoza chini ya asali, na dada yetu ataweza kukoleza nyusi zake kidogo asubuhi hiyohiyo, bila kurudi saluni.