Ramani ya Moyo Ulioshindwa: Fuata Mshale Kabla ya Kumgusa Mgonjwa

Mwanafunzi wa uuguzi akiambiwa achore ramani dhana ya moyo kushindwa kusukuma damu, mara nyingi huandika jina la ugonjwa katikati, kisha huuzungushia visanduku: kuvimba miguu, kukosa pumzi, kupima presha, kutoa oksijeni. Karatasi hujaa, lakini ramani bado haijazaliwa. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, walioibuni njia hii mwaka 1972, waliweka maneno juu ya kila mstari ili uonyeshe jambo hili linahusianaje na lile. Katika ugonjwa wa moyo maneno hayo ndiyo yanayomlinda mgonjwa.

Tumchukue mgonjwa wa kubuni: mama wa miaka 56 ambaye amekuwa na presha kwa miaka mingi na ameacha dawa. Hali yake ni ya kawaida kwetu. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulikuta kwamba presha ndiyo iliyoongoza kwa kuleta ugonjwa huu, na wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52 tu. Mama huyu analalia mito mitatu. Anapumua mara 30 kwa dakika, oksijeni katika damu ni asilimia 88, na ukibonyeza kifundo cha mguu wake, kishimo hubaki.

Sanduku la kwanza liwe ventrikali ya kushoto iliyodhoofika. Hapo mishale miwili inatoka. Mmoja unarudi nyuma: damu isiyosukumwa mbele inarundikana kwenye mishipa ya mapafu, shinikizo linapanda, maji yanapenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Ndiyo maana muuguzi akiweka stetoskopu chini ya mabega husikia milio ya kukwaruza, na ndiyo maana mama hawezi kulala chali.

Mshale wa pili unakwenda kwenye figo, na hapa ndipo ugonjwa unapojilisha wenyewe. Figo zikipata damu kidogo huchukulia kwamba mwili umepungukiwa maji, hata kama umejaa. Hutoa renini, ambayo huanzisha mfululizo unaozaa anjiotensini na aldosteroni. Mishipa hubana, chumvi na maji huzuiwa. Damu huongezeka, na moyo uleule uliochoka hupewa mzigo mkubwa zaidi. Mshale huu lazima uchorwe ukirudi kwenye sanduku la kwanza. Baadaye upande wa kulia nao hulemewa: mshipa wa shingo hutuna, ini huvimba, miguu hujaa.

Sasa tazama jinsi kosa linavyozaliwa. Mwanafunzi ameona miguu imevimba, akakumbuka kwamba mguu uliovimba huinuliwa. Akiinyanyua miguu ya mama huyu wakati anatweta, damu ya miguuni itarudi kwa wingi kwenye moyo, na kutoka hapo itafuata mshale wa mapafu. Kukosa pumzi kutazidi. Kwa sasa anahitaji kuketishwa wima, miguu ikining'inia, apewe oksijeni, na mapafu yashughulikiwe kabla ya vifundo.

Furosemidi ya kwenye mshipa, ambayo wodini wengi huiita lasiksi, hukata mshale wa chumvi na maji, na mkojo huanza kuongezeka ndani ya dakika chache. Lakini dawa hiyo nayo ina mshale wake: huondoka na potasiamu. Potasiamu ikishuka chini ya 3.5, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, na hatari huzidi kama mgonjwa anatumia digoksini. Kwa hiyo kipimo cha potasiamu kiandikwe kwenye mshale wa furosemidi, pamoja na presha na kiasi cha mkojo.

Kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote ni mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mwili unaweza kuficha lita kadhaa kabla mguu haujaonyesha kishimo. Mama apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, kwa mizani ileile na nguo za uzito uleule. Akisharuhusiwa, aambiwe wazi kwamba akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu arudi kliniki, asisubiri viatu vimbane.

Ramani hii ina mpaka wake. Kuna wagonjwa ambao ventrikali husukuma vizuri ila imekakamaa, haitanuki kupokea damu. Kwao sanduku la kwanza hubadilika, ingawa mshale wa mapafu unabaki. Wakikojozwa kupita kiasi presha yao inaweza kuanguka upesi, kwa sababu moyo mkakamavu hauwezi kujaa bila shinikizo la kutosha; muuguzi atauona mwanzo wake mgonjwa akipata kizunguzungu anaposimama.