Hita ya Jua Isiyo na Pampu: Tangi Likae Wapi, Bomba Lilale Vipi

Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 ina uzito wa gramu 998. Yakipashwa hadi nyuzi 60, maji hutanuka, na lita hiyo hiyo hubaki na gramu 983. Gramu 15 hizo ndizo zinazoendesha hita ya jua isiyo na pampu.

Maji yaliyo ndani ya paneli hupata moto, huwa mepesi na kupanda kwenye sehemu ya juu ya tangi. Maji ya baridi, kwa kuwa ni mazito, hushuka kutoka chini ya tangi kwa bomba la pili, huingilia chini ya paneli na kuyasukuma yaliyotangulia. Mzunguko huendelea mpaka jua lipungue.

Nguvu yake ni ndogo sana. Mabomba mawili yenye kimo cha mita moja, moja likiwa na maji ya moto na jingine ya baridi, hutoa msukumo unaolingana na sentimita moja na nusu tu ya maji. Kwa hiyo mabomba yawe mafupi, mapana kiasi cha inchi moja, na yenye kona chache.

Kitako cha tangi kiwe sentimita 30 hadi 60 juu ya ukingo wa juu wa paneli. Likiwekwa chini ya hapo, usiku mambo hugeuka: maji ya paneli hupoa, huwa mazito na kushuka, huku yakivuta maji ya moto kutoka tangini ili nayo yapoe. Dalili yake ni kuoga maji ya moto jioni na ya vuguvugu alfajiri. Ukigusa bomba la juu karibu na paneli saa nne usiku, utalikuta bado lina joto.

Bomba la maji ya moto lipande mfululizo, walau sentimita 3 kwa kila mita. Tuseme kati ya paneli na tangi kuna mita 4: mwisho wa bomba uwe juu ya mwanzo wake kwa sentimita 12. Fundi apime kwa pimamaji, asikadirie kwa macho. Maji yakipashwa hutoa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Bomba likiwa na nundu, hewa hiyo hukusanyika hapo na kuziba njia. Hapo utakuta paneli inaunguza mkono saa sita mchana ilhali tangi ni baridi.

Lakini tangi la lita 200 likijaa lina zaidi ya kilo 200, na si kila paa litabeba mzigo huo. Basi tangi libaki pale panapolimudu, ukutani au juu ya nguzo imara, na paneli ndiyo ishushwe, hata ikibidi iwekwe uani, mradi isifikiwe na kivuli.