Pesa Imekatwa, Oda Haipo: Jinsi ya Kuthibitisha Malipo ya M-Pesa Mtandaoni

Mtu anaponunua bidhaa kwenye duka la mtandaoni nchini Kenya na kulipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, malipo yake huandikwa mahali pawili pasipotunzwa na mtu mmoja. Kumbukumbu ya kwanza ni ya Safaricom, nayo huonyesha akaunti ipi ilitoa pesa, akaunti ipi ilipokea, kiasi gani na saa ngapi. Ya pili ni ya duka, nayo huonyesha mteja aliagiza nini na kama oda hiyo imeshalipiwa. Kumbukumbu hizi haziunganishwi na chochote isipokuwa ujumbe ambao mfumo wa Safaricom huutuma kwa seva ya duka baada ya malipo kukamilika. Ujumbe huo ukipotea, pesa huwa zimefika kihalali katika akaunti ya biashara huku duka likiendelea kuamini kwamba mteja hajalipa. Kwa hiyo hali ya pesa kukatwa na oda kutoonekana mara nyingi si wizi wala si pesa zilizopotea njiani, bali ni malipo yaliyokamilika ambayo muuzaji hajayaona.

Ili kuelewa mahali kosa linapotokea, inafaa kufuata malipo hatua kwa hatua. Mteja akishabonyeza kitufe cha kulipa na kuandika namba yake ya simu, seva ya duka hupeleka ombi kwa Daraja, yaani lango ambalo Safaricom imewafungulia watengenezaji wa programu ili mifumo yao izungumze na M-Pesa. Daraja hujibu mara moja kwamba ombi limepokelewa na kulipatia ombi hilo utambulisho wake, uitwao `CheckoutRequestID`. Kisha dirisha dogo hujitokeza kwenye simu ya mteja likimtaka aweke namba ya siri. Dirisha hilo hutoka katika programu iliyomo ndani ya laini yenyewe, ndiyo sababu njia hii inajulikana kwa jina la STK Push. Mteja akiweka namba ya siri na salio likatosha, pesa huhama, naye hupata ujumbe mfupi wa M-PESA. Ni baada ya hapo tu ndipo Daraja inapotuma taarifa ya matokeo kwa anwani ya mtandao ambayo duka lilikuwa limeitaja tangu mwanzo.

Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo kiungo dhaifu. Pesa huhama ndani ya mfumo wa Safaricom bila kuingojea seva ya duka, na hazirudi kwa mteja kwa sababu tu seva hiyo ilikuwa imezimika, au cheti chake cha usalama kilikuwa kimeisha muda, au anwani iliyosajiliwa ilikuwa na kosa la herufi moja. Ipo pia sababu ya kawaida zaidi, nayo ni muda. Ukurasa wa duka huweza kuwa umepangwa kungoja kwa nusu dakika, ilhali mteja, kwa mtandao dhaifu au kwa kusoma kwa makini kabla ya kuidhinisha, huweka namba yake ya siri baada ya muda huo. Ukurasa huwa umeshatangaza kwamba malipo yameshindikana na oda imefutwa, na taarifa ya mafanikio ikifika hukuta hakuna oda ya kuipokea. Mfumo uliotengenezwa vizuri huihifadhi taarifa hiyo na kuifufua oda. Mfumo uliotengenezwa kwa haraka huitupa.

Sehemu muhimu ya taarifa yenyewe, kama inavyoonyeshwa katika mfano wa maelezo ya Daraja, ina maneno haya:

```json
"ResultCode": 0,
"ResultDesc": "The service request is processed successfully.",
{"Name": "MpesaReceiptNumber", "Value": "NLJ7RT61SV"},
{"Name": "TransactionDate", "Value": 20191219102115}
```

Sifuri katika `ResultCode` ina maana kwamba malipo yamekamilika. 1032 ina maana kwamba mteja alikataa ombi. 1037 ina maana kwamba simu haikupatikana au haikujibu kwa wakati. Sifuri hii isichanganywe na sifuri nyingine, ile ya `ResponseCode` inayorudi mwanzoni kabisa, ambayo husema tu kwamba ombi limepokelewa. Kosa la kuchanganya sifuri hizi mbili huzaa hasara ya upande wa pili, pale duka linapopeleka bidhaa ambazo hazikulipiwa. Mstari wa tatu ndio unaomhusu mteja zaidi, kwa kuwa una msimbo wa muamala, yaani ule mkusanyiko wa herufi na tarakimu 10 unaotangulia katika kila ujumbe wa M-PESA. Herufi zake tatu za kwanza hufuata tarehe: katika mfano huu N inasimama badala ya mwaka 2019, L ni mwezi wa 12, na J ni siku ya 19, na ndiyo tarehe inayosomeka katika mstari wa chini yake.

Na tuchukue mfano wa kubuni wa mteja aliye Nakuru anayeagiza blenda ya Sh 3,200. Dirisha la M-Pesa linajitokeza saa 1:41 usiku, anaweka namba ya siri, na saa 1:42, ambayo katika ujumbe huandikwa 7:42 PM, anapata taarifa kwamba Sh 3,200 zimetumwa. Ukurasa wa duka unasema malipo hayakukamilika, na katika orodha ya oda zake hakuna kitu. Jambo la kwanza analopaswa kulifanya ni kutolipa tena. Kila akibonyeza kitufe cha kulipa, duka hutuma ombi jipya lenye utambulisho mpya, na M-Pesa haina namna ya kujua kwamba ombi la pili ni la blenda ileile. Akiidhinisha, Sh 3,200 nyingine zitakatwa, na tatizo moja litakuwa mawili.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba pesa zimetoka kweli, na uhakika huo hautokani na ujumbe mfupi peke yake, kwa kuwa ujumbe unaweza kuchelewa, kufutwa au kughushiwa. Mteja hufungua programu ya M-PESA kwenye simu, au hupiga *334#, kisha huangalia salio pamoja na taarifa ya miamala, yaani orodha ya pesa zilizoingia na zilizotoka. Ikiwa muamala wa Sh 3,200 haumo na salio halijapungua, malipo hayakufanyika, hata kama dirisha lilijitokeza na namba ya siri ikawekwa. Ikiwa umo, mteja anaandika mahali msimbo wake, saa yake, na jina la aliyepokea.

Jina hilo lahitaji kusomwa kwa uangalifu kuliko linavyosomwa kwa kawaida. Malipo yaliyopita kwenye namba ya Pay Bill husema kwamba pesa zimetumwa kwa biashara fulani kwa ajili ya akaunti fulani, na neno linalofuata baada ya akaunti ndilo rejea ambayo duka liliiweka, mara nyingi namba ya oda. Rejea hiyo haizidi herufi 12, hivyo duka lenye namba ndefu za oda hulazimika kuzifupisha, na mteja asishangae akiiona namba isiyofanana kabisa na ile ya kwenye ukurasa. Aidha, maduka mengi madogo hayana namba yao wenyewe bali hutumia kampuni inayokusanya malipo kwa niaba yao. Ujumbe hutaja kampuni hiyo, na mteja anayesoma jina asilolijua huweza kudhani ametapeliwa. Katika hali kama hiyo kumbukumbu huwa tatu badala ya mbili: Safaricom huthibitisha kwamba mkusanyaji amepokea, mkusanyaji ndiye anayejua kama amelijulisha duka, na duka lisilopata taarifa kwake haliwezi kuona chochote katika akaunti ya M-Pesa, kwa sababu akaunti hiyo si yake.

Hatua inayomaliza shauri iko mikononi mwa muuzaji. Mteja humpelekea msimbo, kiasi, saa na namba ya simu iliyolipa, naye muuzaji, badala ya kutazama orodha ya oda ambayo tayari inajulikana kuwa haina kitu, hutazama akaunti ya M-Pesa ya biashara na kuutafuta msimbo huo. Mwenye mfumo wake anaweza pia kuiuliza Daraja moja kwa moja, ama kwa kutumia `CheckoutRequestID` aliyoihifadhi wakati wa ombi, ama kwa kupeleka msimbo wa muamala kwa amri ya `TransactionStatusQuery`. Jibu la muuzaji kwamba mfumo hauonyeshi malipo halitoshi mpaka aseme ametazama mfumo upi. Mhudumu wa wateja katika maduka mengi huona ukurasa wa oda tu, na mteja ana haki ya kuomba shauri lake lifike kwa mhasibu, ambaye ndiye anayeiona akaunti yenyewe. Picha ya ujumbe mfupi humsaidia mhasibu kutafuta, lakini muuzaji mwangalifu hatoi mzigo kwa picha peke yake, na hakosei, kwa kuwa picha hutengenezwa kwa urahisi. Kinachothibitisha ni msimbo kupatikana katika akaunti iliyopokea, kwa kiasi kilekile, na bila kuwa umeshatumika kulipia oda nyingine.

Msimbo ukipatikana, muuzaji huifufua oda au, kama bidhaa imekwisha, hurudisha pesa. Akiwa na kibali cha kufanya hivyo anaweza kuubatilisha muamala katika mfumo wenyewe, na pesa zikarudi kwenye akaunti ileile iliyolipa. Mpokeaji halali wa marejesho hahitaji kutaja namba yake ya siri kwa yeyote, na anayeiomba kwa simu akidai anasaidia kurudisha pesa si mhudumu wa duka wala wa Safaricom. Msimbo usipopatikana kwa muuzaji ilhali umo katika taarifa ya miamala ya mteja, basi pesa zilifika kwa mpokeaji mwingine, na jina la biashara lililotajwa katika ujumbe ndilo la kulinganisha na jina la duka au la mkusanyaji wake. Yakitofautiana, malalamiko hupelekwa Safaricom mapema iwezekanavyo pamoja na msimbo, kwa sababu pesa zilizokwisha kutolewa katika akaunti ya mpokeaji ni vigumu kuzuiwa.

Duka lenyewe halipaswi kungoja malalamiko. Kila jioni linaweza kuchukua orodha ya miamala yote iliyoingia katika akaunti yake ya M-Pesa na kuilinganisha, msimbo kwa msimbo, na oda zilizolipiwa. Msimbo usio na oda ni mteja anayesubiri, na namba ya oda iliyoandikwa kama rejea humwonyesha mhasibu ni oda ipi ya kufufua kabla mteja hajapiga simu.