Notisi ya Landilodi na Jibu Linaloeleweka

Mwanamke mmoja mwenye saluni mashariki mwa Nairobi alinitumia picha ya karatasi aliyoletewa dukani, pamoja na ujumbe huu: "Kaka, landilodi ameniletea hii notisi leo. Naona anataka kutamineti tenansi. Ni lazima niriplai ama ninyamaze tu?" Maneno ya Kiingereza nayaandika hapa kama yanavyotamkwa, maana ndivyo anavyoyatumia.

Mfasiri mwenye bidii angekimbilia Kiswahili kilichonyooka: "Mpangishaji anakusudia kuhitimisha upangaji wako." Sentensi hiyo haina kosa, ila haimsaidii. Kwenye karatasi yake hakuna neno upangaji. Akienda kwa wakili au kwenye baraza la migogoro ya wapangaji wa biashara, atasikia tenansi na tribunali. Ukimwondolea maneno hayo unamwacha na maelezo asiyoweza kuyalinganisha na karatasi aliyoishika.

Kosa la upande wa pili ni kumuiga. "So landilodi ana-intendi kukuremuvu, bati yu masti riplai." Huyo mama haongei hivyo. Tazama tena ujumbe wake: Kiingereza kimetoa majina ya vitu na mashina ya vitenzi tu, lakini nafsi, njeo na mpangilio wa sentensi vyote ni vya Kiswahili. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, ambaye kitabu chake cha mwaka 1993 kilitegemea sana mazungumzo ya Nairobi, alieleza kwamba katika mchanganyiko wa namna hii lugha moja hujenga nyumba na nyingine huleta vyombo vya ndani. Ndiyo sababu "niriplai" inapita bila shida na "yu masti" inakwaruza sikio. Hata kitenzi cha mkopo kina mipaka yake. Watu husema "ametamineti" bila kukiongezea kiishio -a, ila ukitaka kauli ya kutendwa, "nimetaminetiwa" ni mzigo mdomoni. Hapo rudi kwenye Kiswahili: nimepewa notisi, nimetakiwa kutoka.

Kwa hiyo kipimo changu si idadi ya maneno ya kila lugha. Neno ambalo msomaji atalitafuta kwa kidole kwenye karatasi, au atalitamka mbele ya karani, hubaki kama lilivyo. Anachotakiwa kufanya nakisema kwa Kiswahili.

Notisi yenyewe iliandikwa tarehe 26 Februari, naye alikabidhiwa tarehe 3 Machi. Ilimtaka atoke tarehe 1 Mei. Alikuwa amepanga kwa makubaliano ya mdomo, bila mkataba wa maandishi, na kwa sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, upangaji wa biashara wa namna hiyo unalindwa. Nilimjibu hivi:

"Ndiyo dada, ni notisi ya kutamineti tenansi. Usinyamaze. Riplai kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja tangu ulipoipokea, yaani barua imfikie landilodi kabla ya tarehe 3 Aprili, ukisema hukubali kutoka. Kisha peleka refarensi kwa Tribunali kabla ya tarehe 1 Mei, ile iliyoandikwa efektivu deiti. Ukikaa kimya mpaka siku hiyo ipite, notisi inaweza kushika. Kitu kingine: sheria inataka miezi miwili kamili tangu siku uliyopokea, si tangu siku iliyoandikwa. Kwako miezi miwili inaisha tarehe 3 Mei, kwa hiyo notisi imepungukiwa siku mbili. Litaje hilo kwa Tribunali, lakini usilitegemee peke yake."

Efektivu deiti nimeiacha kama ilivyo kwa sababu karatasi ina tarehe mbili, na jina hilo ndilo linalozitofautisha. Ningesema "tarehe ya notisi" angeweza kushika ile ya Februari.

Saa nazo zina mtego. Karatasi ikisema 9.00 a.m., andika saa tatu asubuhi na uitaje pia ile namba iliyochapwa. Nimewahi kuona mtu aliyeandikiwa "saa tisa" akafika mchana, kikao kimeshakwisha.

Usikisie ambacho hakisomeki. Katika picha ya kwanza ya dada huyu kidole kilikuwa kimefunika tarehe ya kutoka, nikamwambia: "Sioni efektivu deiti, piga tena." Hesabu nzima ya siku ilitegemea picha ya pili. Nawe ukitaka kusomewa notisi, piga pembe zote nne na upande wa nyuma, kisha utaje siku uliyoipokea, kwa sababu mara nyingi hiyo haimo kwenye karatasi.