Kutoka Moto Hadi Maji kwa Hatua Nne

Andika neno MOTO. Sasa badilisha herufi moja tu upate neno jingine la Kiswahili, kisha ubadilishe herufi moja ya hilo jipya, na uendelee hivyo mpaka ufike MAJI. Huruhusiwi kuongeza herufi wala kupunguza, na kila neno unalopitia lazima liwe neno kweli. Wengi hufika baada ya kuhangaika kidogo. Lakini swali lenye utamu linafuata baada ya kufika: njia uliyoipata ndiyo fupi kuliko zote? Na utajuaje?

Mchezo huu, ambao tunaweza kuuita ngazi ya maneno, ulitungwa na Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakati wa Krismasi ya mwaka 1877, akiwapa kazi wasichana wawili waliochoka kwa kukosa la kufanya. Wasomaji wanamfahamu zaidi kwa jina lake la uandishi, Lewis Carroll, mtunzi wa kile kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mwezi Machi 1879 jarida la Vanity Fair la London lilianza kuchapisha mafumbo yake ya aina hii na kuwashindanisha wasomaji. Katika mashindano hayo, ngazi yenye maneno machache ndiyo iliyosifiwa. Kwa hiyo tangu mwanzo ufupi ulikuwa sehemu ya mchezo, ila kwa miaka mingi watu waliutafuta kwa kubahatisha.

Turudi kwa moto na maji. Yapange maneno hayo moja juu ya jingine, uone tofauti zake. M inalingana na M. Herufi tatu zilizobaki zote ni tofauti: O na A, T na J, O na I. Kila hatua hubadilisha herufi moja tu, kwa hiyo hakuna anayeweza kufika kwa hatua chini ya tatu. Hicho ndicho kikomo cha chini, na kinapatikana kwa kuhesabu tu, bila kufungua kamusi.

Je, hatua tatu zinawezekana? Ili zitoshe, kila hatua iweke herufi mahali pake pa mwisho, pasiwe na hatua ya kupoteza. Basi hatua ya kwanza ina chaguo tatu pekee: MATO, MOJO au MOTI. Mojo na moti si maneno. Mato ni neno, lakini ni la lahaja: Waamu na wenzao wa kaskazini mwa pwani husema mato wakimaanisha macho. Tulikubali kwa heshima ya Lamu. Bado haisaidii, kwa sababu kutoka mato mtu angelazimika kupita MATI au MAJO ili afike maji, na yote mawili ni njia zisizopitika. Hatua tatu zimeshindikana. Aliye na njia ya hatua nne anaweza kulala usingizi, hapatatokea mtu wa kumpita.

Na njia hiyo ipo: MOTO, MITO, MITI, MIJI, MAJI.

Hesabu hiyo ya kikomo cha chini inafaa pale bahati inapokuwa upande wetu na maneno yanapokaribiana. Kwa maneno yaliyo mbali tunahitaji mbinu isiyotegemea jicho. Mbinu hiyo ipo, na Edward Moore aliichapisha mwaka 1959 alipokuwa akitafuta njia fupi ya kutoka ndani ya njia panda zenye kutatiza. Msingi wake ni foleni ya kawaida, ile ya atanguliaye kufika ndiye atanguliaye kuhudumiwa.

Iangalie ikifanya kazi kwenye orodha ndogo ya maneno ya kawaida ya herufi nne. Kwa kamusi kubwa majirani wataongezeka, ila mwendo ni uleule. Mwanzoni foleni ina neno moja, moto. Tunalitoa mbele ya foleni, kisha tunatafuta majirani wake wote, yaani maneno yanayotofautiana nalo kwa herufi moja: joto, toto, mito, moyo. Tunayapanga nyuma ya foleni, na kando ya kila moja tunaandika kwamba limetoka kwa moto. Hayo yako umbali wa hatua moja.

Linalofuata ni joto. Majirani wake ni pamoja na moto na toto, lakini hayo tumekwisha kuyaona, hatuyarudishi kwenye foleni. Mapya ni joho na joko, lile tanuri la mfinyanzi. Yanaingia nyuma, yakiwa na alama kwamba yametoka kwa joto. Toto halileti jipya. Mito, kwa upande wake, ina ukoo mkubwa: kito, vito, wito, miko, mita, miti. Moyo halina jirani mwingine kwenye orodha yetu, linapita. Sasa foleni imebaki na maneno manane, na yote yako hatua mbili kutoka moto.

Tunaendelea. Joho linaleta roho, joko linaleta soko, kito linaleta kiti, vito linaleta viti na vita, mita linaleta sita, pita na mila. Zamu ya miti inapofika, inaleta miji na mimi. Hizo ni hatua tatu. Mwishowe miji linatoka mbele ya foleni, na miongoni mwa majirani wake yumo maji. Tumefika. Tunasoma zile alama kinyumenyume: maji limetoka kwa miji, miji kwa miti, miti kwa mito, mito kwa moto. Geuza orodha hiyo, una ngazi yako.

Kwa nini tuna uhakika kwamba ni fupi kuliko zote? Kwa sababu foleni haimruhusu mtu kuruka zamu. Maneno ya hatua moja yote yanatoka kabla ya neno lolote la hatua mbili, na ya hatua mbili yote kabla ya la hatua tatu. Kama kungekuwa na njia ya hatua tatu kwenda maji, basi maji lingekuwa jirani wa neno fulani la hatua mbili, na tungelikuta mapema, wakati yale maneno manane yanahudumiwa. Siku ya kwanza neno kuonekana ndiyo siku lilipofikiwa kwa njia fupi kabisa.

Badilisha kanuni hiyo kidogo tu na uhakika unapotea. Watu wengi wakianza kutengeneza programu ya kompyuta ya mchezo huu huchukua neno lililoingia mwisho badala ya lililotangulia, na programu yao hukimbilia mbele kwenye njia moja mpaka ikwame. Ikibahatika, itakuletea moto, mito, kito, kiti, miti, miji, maji. Kila hatua ni halali, na aliyeisoma haoni kosa, lakini ni hatua sita badala ya nne. Dalili ya kosa hili ni ngazi kuzunguka: ukiona maneno mawili yasiyofuatana ndani ya ngazi yanatofautiana kwa herufi moja tu, kama mito na miti hapo juu, jua pana mkato ulioachwa. Kosa la pili ni kusahau kuweka alama kwenye maneno yaliyokwisha kuonekana. Hapo moto huleta mito, mito huleta moto, na foleni hurefuka bila mwisho.

Kazi nzito kwa kompyuta ni kutafuta majirani. Kamusi yenye maneno 5,000 ya herufi nne ina jozi zaidi ya milioni 12 za kulinganisha. Njia bora ni kulifunika neno herufi moja moja. Moto linaingia kwenye makundi manne: *OTO, M*TO, MO*O na MOT*. Kundi la *OTO lina moto, joto na toto. Kundi la M*TO lina moto na mito. Waliokutana kundi moja ni majirani, basi, na kwa maneno 5,000 unaandika lebo 20,000 tu. Maneno yakiwa mbali sana, anza pande zote mbili, foleni moja kutoka moto na nyingine kutoka maji, zikutane katikati. Tuseme kila neno lina majirani kumi: hatua nne kutoka upande mmoja zinakaribia maneno 10,000, lakini hatua mbili kutoka kila upande ni kama 200 tu.

Kiswahili kina tabia yake katika mchezo huu, na hapa ndipo ninapoupenda zaidi. Tazama tena mito, miti, miji: yote ni wingi wa ngeli moja. Umoja wake, mto, mti, mji, nao ni ngazi kamili. Kito hukutana na vito, kiti na viti, kwa sababu viambishi vya ngeli hiyo vinatofautiana kwa herufi moja. Ngeli zetu zimejenga ngazi sambamba ndani ya lugha, nasi tunazipanda bila kujua.

Upande wa pili kuna ukuta. Moto, maji, kiti na meza yana umbo moja: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Mbwa, mpya na nchi yana umbo jingine. Ili kuvuka, lazima mahali fulani irabu ipokewe na konsonanti na neno libaki neno. Nawa na nywa ni mlango mmojawapo, na milango ya namna hiyo ni michache. Mengine hayana mlango kabisa. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alikusanya maneno 5,757 ya Kiingereza ya herufi tano, akakuta 671 hayana jirani hata mmoja. Mbinu ya foleni hulijibu hili pia: foleni ikiisha kabla ya kufika, ngazi haipo. Ila jibu hilo ni la kamusi uliyoitumia. Ongeza neno moja na njia inaweza kufunguka.

Ndiyo maana mkikaa kucheza, kubalianeni kwanza kuhusu maneno. Je, mashina ya vitenzi yanaruhusiwa? Kutoka BABA hadi MAMA unaweza kupita bara na mara, au haba na hama, na zote ni hatua tatu. Asiyekubali hama bado ana ile njia ya kwanza. Lahaja je? Majina ya watu? Yamalizeni hayo kabla ya kalamu kushika karatasi, kisha mjaribu KITI hadi MEZA, mkiwa mmekubali vitenzi. Herufi zote nne ni tofauti, kwa hiyo chini ya hatua nne haiwezekani, na hatua nne zinatosha.